Siku moja na malundo ya mboji Kangemi, na tunatafuta watu wa masaa manne kwa wiki

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Naamkanga hiyo saa juu mali ya soko la Kangemi inashushwa mapema, na ukichelewa taka yote nzuri imeshachanganywa na makaratasi na mifupa ya bucha, na hapo si mali yangu tena. Mimi na mwenzangu wa mkokoteni tunapitia kwa wale mama mboga walikubali kututengea: majani ya nje ya kabeji, sukuma imegeuka manjano, nyanya zimepasuka. Kila fungu la dhania natoa kamba ya nailoni kwa mkono, juu hiyo haiozi hata ukingoje wajukuu. Watu wa steji wananiangalia wakijua mimi ni chokoraa. Kitambo nilikuwa najieleza, siku hizi nasukuma tu.

Sasa kitu watu hawajui, mzigo tunapigania si ule wa kabeji, ni ule mkavu. Ndizi zinakujanga zimepangwa kwa majani makavu ya mgomba, hayo ndo dhahabu yetu, pamoja na maranda kutoka kwa maseremala. Kabeji karibu yote ni maji, ukiirundika peke yake inalala chini inakuwa uji na hewa haipiti. Kwa hivyo ndoo moja ya mbichi tunaipa ndoo mbili ama tatu za kavu, na wadudu wadogo wenye wanafanya kazi humo ndani wanapata maji, chakula na hewa pamoja.

Saa mbili, chai na mandazi.

Saa mbili na nusu nazunguka malundo na chuma. Tuko na malundo sita, kila moja likijengwa linakuwa kama mita moja kila upande, juu likiwa dogo zaidi ya hapo haliwezi kujishikia joto. Nachomeka chuma katikati, naacha dakika kumi, nachomoa nashika. Likiwa sawa, hicho chuma huwezi kukaa nacho mkononi, na themomita itakuambia uko kati ya 55 na 65. Hapo mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa vinakufa. Ikipita 70 hata wale wafanyakazi wetu wanaanza kufa, so unalifungua lipoe. La kwanza likaniunguza vizuri, la pili pia. La tatu chuma kikatoka vuguvugu, na kikatoka na harufu.

Hapo ndo mama wa ghorofa ya tatu kwa ile ploti ya nyuma akatokea dirishani.

“Wewe kijana! Hiyo uvundo yako imeingia mpaka kwa nguo za mtoto!”

Nikamwambia pole mama, nimeiona, naishughulikia sasa hivi. Akasema hivyo ndo nilimwambia wiki iliyopita (si mimi, lakini sikubishana). Akashuka. Akasimama hapo na leso akaanza kutoka mwanzo, vile alihamia hapa kukiwa na hewa safi, vile bwanake anafanya shifti ya usiku na analala mchana madirisha wazi, vile ataita kanjo, vile sisi tunakula pesa za wazungu na kumwachia harufu. Pesa gani? Tunauzia watu wa vitalu vya miche na hiyo pesa inalipa mkokoteni na ushuru wa choo. Saa nzima huyo mama amesimama na mimi nimeshika foki jembe siwezi kuanza kazi juu nikiinama anasema namdharau. Na kitu kinauma ni kwamba kuhusu harufu alikuwa anasema ukweli.

Mboji ikiwa sawa hainuki. Ikinuka inakuambia shida ni gani. Ile harufu kali ya choo inayochoma macho inamaanisha mbichi ni nyingi, kavu ni kidogo. Harufu ya yai viza inamaanisha hewa imeisha ndani. Hii ilikuwa ya yai viza. Nilipolifungua, nje lilionekana poa kabisa lakini katikati kulikuwa na tabaka limeshikana, limenyeshewa, linateleza. Sababu haikuwa siri: Jumamosi iliyopita lilifaa kugeuzwa, watu wanne walisema wanakuja, mmoja akakuja, na usiku huo mvua ikanyesha.

Kulirekebisha ni kazi ya nguvu tu. Unalibomoa lote, unalitandaza chini, vile vipande vimeshikana unavichana na foki, unamwagia maranda unachanganya, kisha unashika konzi unaikamua. Maji yakichuruzika bado, ongeza kavu. Yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Yasipotoka hata tone na ngumi ukiifungua inasambaratika, hapo umekausha sana na inataka maji. Nilianza kabla ya saa tano nadhani, jua likapanda, nikala githeri nikiwa nimesimama, nikaendelea, mgongo ukaanza kuongea, mwenzangu wa mkokoteni akarudi akanisaidia kuinua na kufunika na magunia, na nikiangalia simu ni saa tisa na kitu. Harufu ilikuwa imepungua tayari. Mama alikuwa amefunga dirisha.

Kazi ya siku nzima ya mtu mmoja na nusu, na watu wanne wangeligeuza kwa dakika kumi na tano.

Ndo maana nawaandikia. Tunataka watu wanane wa kudumu. Masaa ni manne kwa wiki: Jumatano jioni saa kumi na moja mpaka kumi na mbili, na Jumamosi saa mbili asubuhi mpaka saa tano. Hizo siku sikuzichagua mimi, lundo likiwa moto linataka kugeuzwa kila baada ya siku tatu ama nne. Tunaomba miezi mitatu, juu huo ndo muda kabeji inatoka kuwa kabeji mpaka inakuwa kitu cheusi kinanukia udongo wa msituni, na ukitoka katikati hujaona kitu. Ukijua Jumatano hutaweza, sema mapema, afadhali mtu wa Jumamosi pekee kuliko jina kwa daftari.

Pesa hakuna, na fea hatulipi, nisikudanganye. Chai iko. Gambuti na glavu tunakuazima, lakini kama hujadungwa sindano ya pepopunda pitia kliniki kwanza, juu vipande vya chupa havikosekani. Kila lundo likikomaa unabeba ndoo ya lita 20 iliyochekechwa, ukichanganya moja kwa tatu za udongo unajaza magunia ya sukuma ya nyumbani. Ukimaliza miezi mitatu tunakuandikia barua inayosema ulifanya nini haswa, na utakuwa umejua kujenga lundo lako na kulitibu likiharibika. Kama mgongo wako haukubali foki, tuko na kazi ya kuchekecha, ya kuandika joto kwa daftari, na ya kuongea na mama mboga wapya, hii ya mwisho inataka mtu ako na subira kuniliko.

Miaka 18 kuenda juu. Takataka za nyumbani kwako usituletee, tumekataa nyama, mafuta na chakula kilichopikwa, kwa sababu ya panya.

Jumamosi hii tunageuza lile la tatu tena na kuanza jipya. Ukifika sokoni uliza watu wa mboji. Viatu vyeupe acha nyumbani.