Beth ya Mwanzo 9:6: "na" au "kwa ajili ya"?

Biblia ya Union husema damu ya muuaji "itamwagwa na mwanadamu". Kiebrania kina *ba'adam*, na beth, herufi ya mwanzo wa neno hilo inayofanya kazi ya kihusishi, huweza kuonyesha mtendaji au bei. Niliipima kwa mambo mawili. Mtendaji wa kitenzi cha kutendwa huonyeshwa kwa beth mara chache, ingawa Kumbukumbu 33:29 inayo: Israeli "aliyeokolewa na BWANA". Beth ya bei iko wazi katika Kumbukumbu 19:21, *nefesh benefesh*, uhai kwa uhai. Isitoshe, Mwanzo 9:5 inazungumzia kudaiwa damu, na Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, imeweka *anti*, yaani badala ya. Nikatafsiri: "kwa ajili ya mtu huyo, damu yake itamwagwa," yaani damu ya muuaji kwa ajili ya aliyeuawa. "Na" ya Union bado naiheshimu, sarufi haiikatai.