Jalada limefika, majibu yamebaki kwenye simu

Tabora, Jumatano usiku

Kuna mwanachuo wa masomo ya masafa hapa Isevya ambaye tangu jana jioni hajala vizuri. Jumatatu alifanya mtihani wa saa tatu nyumbani, akaandika kurasa 13 kwa mkono, akatuma kwa barua pepe. Jana mwalimu wake akamjibu kwa mstari mmoja: "Nimepokea ukurasa wa jalada tu."

Wa kwanza kusikia habari hiyo walisema ni uzembe. Sikubaliani nao hata kidogo. Huyu binti aliangalia kabla ya kutuma, na alichokiangalia ndicho kilichomponza. Barua pepe huonyesha kiambatisho kwa kipicha cha ukurasa wa kwanza. Faili la kurasa 14 na faili la jalada peke yake hutoa kipicha kilekile: jina la somo, namba ya usajili, sahihi. Aliona jalada lake, akaridhika, akatuma saa 6:18 mchana, dakika 12 kabla ya dirisha la kutuma kufungwa.

Kosa lenyewe lilitokea mapema kidogo, wakati wa kuskani. Alipiga picha ya jalada, programu ikamwuliza kama kingo zimekaa sawa, akabonyeza alama ya vema, kisha akabonyeza kuhifadhi. Hapo faili likafungwa likiwa na ukurasa mmoja. Alipaswa kugusa alama ya kuongeza ukurasa na kuendelea hadi wa mwisho, ndipo ahifadhi mara moja tu. Yeye alirudi kwenye kamera, akapiga zile 13 zilizobaki, na programu ikazihesabu kuwa waraka mwingine, ikaupa jina la tarehe na saa kama kawaida yake. Lile la kwanza alikuwa ameshalibadilisha jina, akaliita kwa namba yake ya usajili kama maelekezo yalivyotaka. Alipofika kwenye kuambatisha, akachagua lenye jina sahihi. Nani asingelichagua hilo?

Kitu kimoja kingemshtua: uzito. Faili alilotuma lilikuwa na kilobaiti 310. Jaribio lake la mwezi uliopita, kurasa 9 kwa simu hiyohiyo na programu hiyohiyo, lilikuwa na megabaiti 3.4, yaani karibu kilobaiti 380 kwa kila ukurasa. Kurasa 14 zilipaswa kuzidi kidogo megabaiti 5. Simu na programu hutofautiana, kwa hiyo hesabu hii haifai kwa kila mtu. Kila mwanafunzi alinganishe na faili lake mwenyewe la zamani. Njia ya uhakika ni kufungua kiambatisho kutoka kwenye barua zilizotumwa, siyo kutoka kwenye simu, na kushuka hadi ukurasa wa mwisho. Visomaji vingi vya PDF huonyesha hesabu pembeni. Lake lingeonyesha 1/1.

Leo mchana faili la pili limepatikana: kurasa 13, megabaiti 4.9, limeundwa Jumatatu saa 6:11. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuliunganisha na jalada ili litoke faili moja safi. Nashukuru kaka yake alimzuia. Faili jipya lililounganishwa leo lingebeba tarehe ya leo, na ile saa 6:11 ni sehemu ya ushahidi wake. Hata kuzungusha ukurasa uliolala na kuhifadhi upya kunaweza kubadilisha tarehe hiyo. Wala asitume picha za kawaida kwa WhatsApp, maana huko hubanwa na taarifa za saa ya kupigwa huondolewa.

Lakini tusimdanganye: tarehe ya faili hutokana na saa ya simu, na saa ya simu mtu anaweza kuirudisha nyuma. Mwalimu ana haki ya kutoitegemea peke yake. Kama programu ilipandisha nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni siku ileile, kumbukumbu ya huko ina nguvu zaidi, kwa kuwa si yeye aliyeiandika. Bahati yake, ilipandisha, saa 6:40, mtandao ulipopata nguvu. Ni dakika 10 baada ya muda kuisha. Amepiga picha ya skrini na kuiweka hivyohivyo, bila kuzificha hizo dakika 10.

Amejibu kwenye mfululizo uleule wa barua, siyo barua mpya:

"Shikamoo Mwalimu. Jumatatu saa 6:18 mchana nilituma faili lenye jalada pekee. Majibu, kurasa 13, yalikuwa kwenye faili la pili, ambalo naliambatisha bila kulibadilisha, pamoja na picha ya kumbukumbu ya hifadhi. Kijitabu halisi ninacho na naweza kukileta. Naomba uamuzi wako."

Kisha akalifungua kutoka kwenye zilizotumwa, akashuka hadi 13/13. Jibu bado. Kijitabu kimo kwenye bahasha ya kaki kabatini kwa mama yake, na hakuna nukta iliyoongezwa.