Macho wazi

Juzi binti yangu kanikuta nimepitiwa usingizi kwenye kochi, feni inazunguka, nikaskia kidole kinaniparua kope. "Baba, mtu anaweza kulala macho wazi?" Nikamwambia anaweza, akipata dawa. Akaenda zake kucheza, mimi usingizi ukaniisha hapo hapo.

Wale wa siku nyingi mnajua nilipoanzia kazi, sitaji kituo. Jumapili mchana, joto la Dar lile la kabla ya mvua, umeme unakuja na kuondoka, analetwa mtoto wa miaka miwili toka Vingunguti, kamwagikiwa mafuta ya kukaangia mihogo mkononi na ubavuni. Malengelenge yamepasuka, ngozi inaning'inia, lazima kidonda kisafishwe na huwezi kumsafisha mtoto wa hivyo yuko macho. Mishipa haionekani, mikono ya kubonyea kama andazi, nikasema basi tunampiga ketamini, dawa ya usingizi, ya msuli.

Mama yake akasema ana kilo kumi na tano. Sista, mtu mzima kuliko mimi, akamchukua bila kusema kitu akamuweka kwenye mzani, 12. Ya msuli tunapiga miligramu 4 kwa kilo, kwa hiyo 48, na vichupa vyetu vina miligramu 50 kwa kila mililita, maana yake mililita moja kasoro kidogo, nikamchoma pajani. Ingekuwa ya mshipa ningempa 1.5 kwa kilo, miligramu 18 tu, na hiyo unaichanganya kwanza na maji ya dripu iwe nyepesi halafu unaisukuma taratibu dakika nzima, maana ukiimwaga kwa haraka mtoto anaweza kusahau kupumua. Ndo maana kabla hujachoma popote unasoma kichupa, vingine ni 10, vingine 100.

Dakika ya nne hivi akanyamaza. Macho yako wazi, mboni zinachezacheza kushoto kulia, hamuangalii mtu. Mama akapiga kelele, "Mwanangu kafa!" Nikamshika bega nikamwambia kwa kiburi cha kijana, "Mama, usiogope, dawa ndo ilivyo, atakaa hivyo hivyo kama anatazama dari, wala haumii." Na kweli, tulisafisha dakika kumi na tano hakukunja hata uso.

Tukamaliza. Nikamwacha chali kitandani, mama pembeni, kile kidude cha kidoleni cha kupimia oksijeni tumeshakitoa tukipeleke chumba kingine, mimi nikainamia faili. Nikaskia kama kakoroma mara moja, sauti nyembamba, kama kuku kashikwa shingo. Halafu kimya. Nikaendelea kuandika! Kilichokuja kunigeuza sikijui mpaka leo, labda ule ukimya.

Kifua kinaingia ndani, tumbo linapanda, yaani anavuta kwa nguvu zote lakini hakuna hewa inayoingia, nikaweka sikio mdomoni, hamna upepo. Midomo rangi ya zambarau. Mate yamejaa, yamedondokea kooni na koo likajifunga. Na mama kakaa pale pale, kamshika mkono, anamtazama ametulia kabisa.

Sista alishafika na kidude, kikasoma asilimia 81. Nikaweka vidole nyuma ya taya chini ya masikio nikalisukuma mbele kwa nguvu, yeye akaleta ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, na oksijeni, tukabana barakoa usoni bila kuachia upenyo, tukasukuma hewa pole pole tukasubiri lifunguke. Sijui ilikuwa nusu dakika au chini yake. Kikaja kikohozi kimoja kidogo, kibichi, halafu kilio. Tukavuta mate ya mdomoni tu bila kuchokoa kooni, tukamlaza ubavu.

"Dokta, tulimaliza kidonda, hatukumaliza mtoto," sista akanambia, hakurudia tena.

Tukakaa naye masaa mawili, kidude kidoleni, taa imezimwa, watu wasimguse guse maana wakiamka kwenye fujo huwa wanaweweseka. Ya msuli inachelewa kuisha. Kashamjua mama yake, kashaita "mama", nikadhani basi, hapo hapo akatapika godoro zima, na hiyo ni kawaida yao, wanatapika wakiwa wameshaamka, bahati alikuwa ubavu. Tulisubiri mpaka akakaa bila kuyumba na akanywa maji yakabaki tumboni ndo nikamruhusu.

Pale mlangoni nikamuuliza mama kwa nini hakuniita midomo ilipobadilika. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Si ulisema dawa ndo ilivyo?"

Siku hizi nawaambia kina mama macho yasiwatishe, watazame kifua na midomo, waniite hata kama ni bure. Wengine naona nimewatisha zaidi, wanaita kila dakika. Wiki iliyopita mmoja kaniita mara tisa.