Kidokezo kinachoanzia pale mchezaji alipokosea

Gemu ninayotengeneza hapa Dodoma ni ya kusukuma kreti za zabibu hadi kwenye vituo vyake ghalani. Kreti husukumwa tu, haivutwi, na huwezi kusukuma mbili kwa mpigo. Kazi iliyonikalia kichwani ni vidokezo: umsaidie aliyekwama, lakini furaha ya kulifumbua fumbo ibaki yake.

Kuna levo yenye ujia wa upana wa kreti moja, na vituo viwili vimefuatana mle ndani, cha pili kikiwa mwisho kabisa. Mchezaji anasukuma kreti ya kwanza, kituo cha karibu kinawaka kijani, anaiacha hapo na kufuata ya pili. Akishaiingiza ile ya pili kwenye ujia, mchezo umekufa: mbele kuna kreti, kando ni kuta, na nyuma hawezi kuvuta. Ukaguzi wa kawaida wa kreti iliyobanwa kwenye kona hauoni tatizo hili, maana kreti zote mbili haziko kwenye kona.

Kumwambia huyu asukume wapi sasa hakumfai kitu. Anachohitaji ni kujua alipoharibu. Kwa hiyo gemu inahifadhi hali ya ubao mwanzoni na baada ya kila msukumo, na akibonyeza kitufe cha kidokezo, programu ya kutatua inajaribu ubao wa sasa. Usipotatulika, tunarudi nyuma. Hakuna haja ya kupima kila hatua, kwa sababu ubao ukishakufa haufufuki kwa kusonga mbele. Unakata historia katikati, kisha katikati tena; misukumo 64 inamalizwa kwa vipimo sita hivi.

```
hai, kufa = 0, len(historia) - 1
while kufa - hai > 1:
    kati = (hai + kufa) // 2
    if inatatulika(historia[kati]):
        hai = kati
    else:
        kufa = kati
```

`historia[kufa]` ndiyo hali ya kwanza iliyoharibika. Hapo ndipo kidokezo kinapozaliwa, na nakitoa kwa awamu. Kwanza kituo cha mwisho, kile kitupu, kinametameta kidogo. Akibonyeza tena, anaulizwa: "Kreti hii ikibaki hapa, nyenzake itapita wapi?" Mara ya tatu ubao unarudishwa hadi `historia[hai]`, bila kumwonyesha msukumo unaofuata. Kwa maoni yangu swali la pili ndilo lenye uzito. Wengi wakilisoma wanarudi wenyewe kuisogeza kreti ya kwanza hatua moja zaidi.

Angalizo la simu za bei nafuu: programu ya kutatua iwekewe kikomo cha hali za kuchunguza. Ikifika kikomo bila jibu, isihesabu kwamba ubao umekufa. Itoe kidokezo cha kwanza tu, kwani kumrudisha nyuma mchezaji aliye njia sahihi kunamfanya asiviamini vidokezo vyote vinavyofuata.