Tisini na Tano ya Nini?

Juzi jioni binti yangu alichungulia simu yangu nikiwa naandika ujumbe wa bei ya kitunguu, akaona kwamba kwenye mstari wa tatu nimeandika HAKUNA. Akaniuliza: "Baba, kama bei hakuna, si ungeacha tu kutuma?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba wanachama wanausubiri, lakini swali hilo lilinirudisha hadi ule mwaka ambao Babu alikuja ghalani akiwa ameshika simu yake ya kitochi.

Wakati ule nilikuwa nimechaguliwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima kwa msimu wa kwanza, na kazi ya bei niliifanya kama nilivyoona wengine wakiifanya. Kijana mmoja aliyekuwa akishusha mizigo pale soko la Kilombero, Arusha, alinitumia maneno matatu, nami nikayasambaza kwa wanachama wote jinsi yalivyo: "Kilombero leo 95." Huku kwetu Mang'ola mnunuzi aliyekuwa akizunguka mashambani alikuwa anatoa 58,000 kwa gunia la kilo 100. Babu alikuwa na magunia 22 ya kitunguu kilichokauka vizuri, shingo zimefunga kabisa. Aliposikia tisini na tano alimkataa mnunuzi yule, akatafuta nafasi kwenye lori, akaenda na mzigo wake.

Alirudi siku ya tatu. Hakugomba wala hakupandisha sauti. Aliketi kwenye benchi lililo chini ya dirisha la ghala, akanipa simu yake, akasema, "Katibu, nisomee tena ule ujumbe wako."

Nikasoma.

"Tisini na tano ya nini?"

Nikamwambia ni elfu tisini na tano, bei ya gunia.

"Gunia lipi, mwanangu?"

Hapo nilinyamaza, kwa sababu ndipo nilipoelewa. Sisi tulikuwa tumekubaliana kupima na kufunga kilo 100 kamili, kwani sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao lizidi hapo. Kijana wangu wa sokoni alikuwa ametaja bei ya lumbesa, lile gunia linaloongezewa kipande cha wavu mdomoni kisha likashonwa kwa kamba likiwa na rundo juu. Babu alikuwa ameomba mizani ya kuning'iniza pale pale sokoni na kupima lumbesa tatu za jirani yake, akakuta kila moja inakaribia kilo 130.

"Na hiyo 'leo' ilikuwa leo ya lini?"

Hilo nalo sikuwa na jibu lake la uhakika. Kijana alikuwa ameandika usiku kuhusu bei ya alfajiri, nami nikatuma kesho yake mchana, na Babu alifika sokoni asubuhi iliyofuata. Kufikia hapo malori mengine yalikuwa yameingia na lumbesa imeshuka hadi 80,000. Ukigawa 80,000 kwa kilo 130 unapata takriban shilingi 615 kwa kilo, na ndiyo maana gunia lake la kilo 100 lilinunuliwa kwa 61,000. Alipotoa nauli ya lori, wapakiaji na washushaji, ushuru wa soko na fedha ya dalali, jumla 10,000 kwa gunia, alibakiwa na 51,000. Mnunuzi aliyekataliwa shambani angempa 58,000. Tofauti ya shilingi 7,000 kwa magunia 22 ni 154,000, na aliitaja hesabu hiyo polepole akitazama mikono yake, wala hakuniomba chochote. Alichukua simu yake akaondoka. Mpaka leo naikumbuka benchi ile kuliko mkutano wowote tuliowahi kufanya.

Muundo tunaoutumia sasa ulitokana na maswali yale. Kwa kuwa wanachama wengi wana simu za kitochi, na ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160 tu kabla haujakatwa vipande viwili, nilipunguza maneno hadi yakatosha. Huu ni wa Agosti mwaka 2024:

```
KITUNGUU JTN 14/08
KILOMBERO SAA 12 ASB
KILO 620-700
GUNIA KG100 62000-70000
GHARAMA 10000
MKONONI 52000-60000
JANA 640-700
```

Kilo inatangulia gunia kwa makusudi, kwa sababu kilo haiwezi kushonewa wavu juu. Bei ninaipata kwa simu mbili: moja kwa dalali, nyingine kwa mtu aliyeuza asubuhi ile ile, kwa kuwa dalali mara nyingi hutaja bei inayoombwa, ilhali muuzaji anataja fedha aliyoishika. Wakipishana kwa zaidi ya shilingi mia kwa kilo, ninarudi kuwauliza wote wawili wanazungumzia gunia gani, na mara nyingi jibu ni kwamba mmoja ana lumbesa kichwani. Nikikosa jibu linaloeleweka, siweki wastani wa kubuni. Naandika HAKUNA kwenye mstari wa kilo, na mstari wa JANA unabaki kama ulivyo. Nilijaribu mara mbili kutotuma kabisa siku kama hizo, na mara zote mbili watu waliuza kwa ujumbe wa zamani wakidhani ndio mpya. Hilo ndilo nilipaswa kumweleza binti yangu vizuri.

Kitu ambacho sikukitarajia ni uzito wa mpangilio wenyewe. Wazee hawausomi ujumbe wote. Humwambia mjukuu, "Nisomee wa sita," kwa sababu wa sita ni MKONONI. Msimu wa pili niliongeza mstari wa daraja la kitunguu hapo katikati, na mama mmoja akasomewa gharama akidhani ndizo fedha atakazobakiwa nazo, akaogopa na kuuza siku hiyo hiyo kwa bei ya chini. Niliuondoa mstari ule kesho yake. Tofauti ya ubora sasa imo ndani ya namba mbili za bei: ya chini ni ya kitunguu kidogo au chenye shingo laini, ya juu ni ya kilichokauka na chenye ukubwa unaolingana.

Na hapo ndipo ninapokwama. Wanunuzi wanaokuja mashambani nao wanaupata ujumbe wetu, kwani mtu hawezi kuzuiwa kumtumia shemeji yake. Wanafika shambani wakiwa na simu mkononi na kuonyesha ile namba ya chini, hata mbele ya kitunguu kikavu kinachostahili ya juu. Nikiandika namba moja tu nitamdanganya mwenye kitunguu kibichi. Nikiandika mbili ninampa mnunuzi mahali pa kuanzia. Nilimuuliza Babu, ambaye sasa hupima magunia yake mwenyewe kabla ya kumpigia simu mtu yeyote. Alifikiri kwa muda, akasema niache zote mbili, lakini niianze ya juu. Wiki ijayo nitawauliza wanachama mkutanoni kama nigeuze, kwa maana wapo waliozoea kwamba namba ya kwanza ndiyo ya chini, na sitaki kumpoteza mtu mwingine kwa mstari mmoja.