Kumbukumbu ya mradi wangu: Bladi Meri iliyokolea

Kwa wiki sita sasa nimekuwa nikitengeneza Bladi Meri jikoni kwangu kila Jumamosi, nikiandika vipimo daftarini, kwa sababu kinywaji hiki kilikuwa kinanishinda kwa namna ileile kila mara: juisi ya nyanya ilikuwa nzuri nilipoionja peke yake, lakini nilipoichanganya na vodka, ndimu na barafu ilitoka chapwa, kama mchuzi uliosahauliwa chumvi na kisha ukaongezwa maji.

Mwanzoni nilifuata kipimo kinachofahamika na wengi, yaani mililita 45 za vodka, 90 za juisi ya nyanya na 15 za maji ya ndimu, pamoja na sosi ya Wusta, yaani ile sosi nyeusi ya Kiingereza iitwayo Worcestershire, matone machache ya sosi ya pilipili, chumvi ya selari na pilipili manga. Kila nilipoona ladha imelala, niliongeza ndimu. Jumamosi ya pili shemeji yangu alionja, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Shemeji, uchachu nauona, lakini nyanya yenyewe iko wapi?” Swali hilo lilinionyesha kwamba nilikuwa natibu ugonjwa usiokuwapo. Uchachu ulikuwa unasimama peke yake pembeni mwa ulimi, huku katikati ya kinywa kukiwa hakuna kitu.

Jumamosi ya tatu nilitengeneza mchanganyiko ule ule uliopooza, nikaugawa katika vikombe vinne vidogo. Cha kwanza niliacha kilivyo, cha pili nikatia chembe za chumvi, cha tatu matone ya ndimu, na cha nne vyote viwili. Kikombe cha ndimu kilikuwa kikali na chepesi. Kikombe cha chumvi ndicho kilichonishangaza, kwa kuwa hakikuwa na ladha ya chumvi hata kidogo, bali nyanya ilirudi, tamu na nzito, na harufu yake ikapanda. Kikombe cha nne kilikizidi kidogo tu. Tangu siku hiyo sigusi ndimu ya ziada kabla sijahakikisha chumvi imekolea, na jaribio hili la vikombe nalifanya kila ninapobadilisha aina ya juisi, maana linaeleza kinachokosekana bila kubahatisha.

Kilichobaki kilikuwa kufahamu chumvi ilikuwa inapotelea wapi, ilhali juisi niliyoinunua ilikuwa imeshatiwa chumvi kiwandani. Jibu lilikuwa kwenye lebo na kwenye mizani. Lebo ilionyesha gramu 0.24 za sodiamu katika kila mililita 100, na ukizidisha sodiamu kwa 2.5 unapata chumvi, yaani gramu 0.6. Kwa hiyo mililita 90 za juisi hiyo zina takriban gramu 0.54. Nilipima kinywaji kabla na baada ya kukipoza kwa barafu, nikakuta kimeongezeka gramu 25 za maji yaliyoyeyuka. Ukijumlisha vodka, ndimu na sosi, ujazo wote ulifikia karibu mililita 180. Chumvi iliyokuwa asilimia 0.6 ndani ya kopo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 0.3 ndani ya glasi, na nusu ya chumvi haiwezi kubeba nyanya. Baridi nayo inaongeza tatizo, kwa kuwa hupunguza utamu na harufu tunayoipata kinywani. Ndiyo maana nimeacha kuonja mchanganyiko ukiwa wa joto la chumbani na kuuamini.

Nikaamua kuirudisha chumvi kwenye asilimia 0.6 ya kinywaji chote kilichokwisha kupoa. Hiyo ni takriban gramu 1.1 kwa glasi. Juisi inaleta 0.54, na kijiko kimoja cha chai cha sosi ya Wusta kinaleta kidogo pia, hivyo nakosa kama gramu 0.4. Kuipima kwa vidole ni kujidanganya. Tena chembe za chumvi huyeyuka polepole katika juisi nzito na baridi, na dalili yake ni kwamba funda la mwisho huwa na chumvi kali wakati funda la kwanza halikuwa nayo. Sasa nayeyusha gramu 20 za chumvi katika gramu 80 za maji ya moto, naacha yapoe, na kutia gramu 2 za maji hayo katika kila glasi. Nikitumia pia chumvi ya selari, napunguza maji ya chumvi kwa kiasi hicho hicho.

Nilipopitia historia ya kinywaji hiki nilifurahi kukuta jambo hili halikuwa geni. Fernand Petiot, mhudumu wa baa aliyetoka Paris na kufanya kazi kwenye hoteli ya St. Regis mjini New York kuanzia 1934, alieleza mwaka 1964 kwamba alianza kwa kufunika kitako cha chombo cha kuchanganyia kwa chumvi, pilipili na sosi ya Wusta, kisha ndipo akatia ndimu kidogo tu, barafu, na vodka na juisi nzito ya nyanya kwa vipimo vilivyo sawa. Chumvi ilitangulia.

Sosi ya Wusta nayo haimo kwa ajili ya rangi. Ina samaki wadogo waliochachushwa, na samaki hao huongeza nguvu ya ile ladha ya kina iitwayo umami ambayo nyanya inayo kwa asili, hasa katika ute unaozunguka mbegu. Kwa kuwa sosi hiyo ina ukwaju pia, nilijaribu kuweka ukwaju mahali pa ndimu. Sikuupenda: rangi iligeuka kahawia na nyanya ikafunikwa.

Ndimu nimeishusha hadi mililita 12, na naikamua wakati ule ule wa kunywa, kwa sababu mchanganyiko uliolala na ndimu kwenye friji ulipoteza ule ukali safi wa mwanzo. Viungo vingine vinaweza kulala pamoja na juisi usiku mzima na kunufaika, isipokuwa pilipili kali, ambayo naitia mwisho. Ukali wake hujikusanya kinywani, hivyo naonja mafunda matatu, nasubiri dakika moja, ndipo naamua. Nilipoamua kwa funda la kwanza, nusu ya pili ya glasi haikunyweka.

Kutikisa nimeacha kabisa. Juisi ya nyanya iliyotikiswa hushika mapovu, rangi inakuwa ya waridi iliyofifia na uzito wake mdomoni unapotea. Namimina polepole kutoka glasi moja hadi nyingine pamoja na barafu, mara sita, kisha nachuja juu ya barafu mpya.

Hiyo barafu mpya ndiyo inayonisumbua sasa, kwani baada ya dakika kumi na tano kinywaji kinaanza tena kurudi kule kwenye asilimia 0.3. Jumamosi ijayo nitalinganisha bonge moja kubwa la barafu na vibonge vya juisi ya nyanya iliyogandishwa ikiwa na chumvi yake, nikipima glasi zote mbili kila baada ya dakika tano.