Hodi kwa Dakika Moja na Sekunde Kumi na Mbili

Agosti 2020 nilikuwa nimekaa miezi mitano bila mwanafunzi hata mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwafundisha Kiswahili wageni waliofika Unguja, kwenye baraza ya nyumba moja Mji Mkongwe, wengine wiki mbili, wengine miezi mitatu. Watalii walipokatika mwaka ule, baraza ikabaki tupu. Mwanafunzi wangu wa zamani akaniandikia kwamba ipo mitandao ambayo mwalimu anakaa kwao na mwanafunzi kwao, wakasoma kwa kuonana kwenye simu. Nikajiandikisha. Maelezo ya wasifu niliyamaliza usiku mmoja. Kilichonishinda ni video ya kujitambulisha kwa wanafunzi.

Ya kwanza nilijipiga peke yangu sebuleni, chini ya taa ya dari. Ikarudishwa kwa makosa mawili: simu niliisimamisha wima na wao wanataka ilale, tena nilitaja namba yangu ya simu, jambo wasiloruhusu. Nikayasahihisha hayo mawili, mengine nikayaacha yalivyo. Ikapita. Wiki tatu zikapita nayo, hakuna aliyebisha.

Mtoto wa mjomba wangu anapiga video za harusi. Alipokuja kwetu Michenzani nikamwonyesha. Aliitazama mara moja, kisha akanirudishia simu. "Dada, itazame sasa mwenyewe, lakini zima sauti."

Nikaizima. Nilichokiona ni mtandio mweupe unaong'aa na ndani yake uso mweusi usio na macho. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye gilasi juu ya meza, kwa hiyo nilikuwa namwinamia mtazamaji kama mtu anayemkemea mtoto. Na macho yenyewe, pale yalipoonekana, yalikuwa yanakimbia pembeni kufuata karatasi niliyoibandika ukutani.

"Haya, sasa ifunike simu usikilize tu." Nikaifunika. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeko ndani ya tangi la maji, na nyuma yake feni inavuma. Dakika mbili na sekunde arubaini nzima. Tangu siku ile, kila ninapoombwa kuitazama video ya mwalimu mwenzangu, naanza kwa jaribio hilo, kwanza macho peke yake, kisha masikio peke yake, kwa sababu vikija pamoja kimoja hukificha kingine.

Akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: anayetazama ni nani, na anaogopa nini? Tukakaa tukamfikiria. Ni mtu yuko Ulaya, usiku baada ya kazi, mbele yake kuna orodha ndefu ya walimu asiowajua hata mmoja, na atalipa kabla hajafundishwa. Shaka yake si kama mimi ni msomi. Anaogopa asije akakaa saa nzima asielewe neno, akaona haya. Na mimi sekunde arubaini za mwanzo nilikuwa nimezijaza vyeti vyangu, ambavyo vimeandikwa tayari kwenye wasifu pale pale chini ya video.

Tuliandika upya usiku ule. Kwa Kiingereza chepesi, kwa sababu anayeanza hajui Kiswahili, na kwa maneno 140 tu. Nilisoma kwa sauti huku yeye anahesabu kwa saa. Kwa mwendo wangu wa polepole, unaomfaa mtu ambaye Kiingereza pia si lugha yake, ilitoka dakika moja na robo hivi. Sentensi ya kwanza ilikuwa jina langu na ninayemfundisha: mtu anayekwenda Afrika Mashariki kufanya kazi au kuishi, ambaye hajawahi kusema neno la Kiswahili. Ya pili, miaka niliyofundisha na mahali, basi. Kisha nikaeleza somo la kwanza litakavyokwenda: dakika kumi za kusikiliza tu, baada ya hapo salamu, na mwisho atanunua embe kwangu kwa Kiswahili, mimi nikiwa muuzaji. Hapo ndipo mtu anapoanza kukuamini, anapojua kitakachompata. "Mimi ni mwalimu mvumilivu" nililifuta. Uvumilivu kila mtu hujisifia, ila embe lile hakulitaja mwenzangu yeyote.

Katikati tukaacha sekunde ishirini za kufundisha kitu kimoja. Nilichagua hodi. Kwetu mtu haingii nyumbani kwa mwenzake kimya kimya. Anasimama mlangoni, anaita hodi, na akijibiwa karibu ndipo anapoingia. Akiita mara tatu asijibiwe, anaondoka. Nilipanga niite hodi mwenyewe, kisha ninyamaze sekunde mbili nzima nikitazama lenzi, ili mtu aliyeko kwake apate nafasi ya kujibu.

Tulipanga kurekodi siku ya pili saa tatu asubuhi. Watoto wa ghorofa watakuwa shule, na adhana ya adhuhuri bado iko mbali.

Kuhusu mwanga nilidhani ataniletea taa zake za harusi. Hakuleta hata moja. Aliingia chumba hiki akatoka kile, akichungulia madirisha, akasimama kwenye chumba cha nyuma kinachoelekea kusini. Miezi ile ya katikati ya mwaka jua kwetu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini halipigwi na jua moja kwa moja kutwa nzima. Linaleta mwanga wa anga tu, laini, usiobadilika kila wingu linapopita. Disemba asingelichagua, maana jua huwa limehamia upande huo. Aliniweka nilielekee dirisha, kisha akanigeuza kidogo ili mwanga uingie kwa pembeni na upande mmoja wa uso ubaki na kivuli chepesi. Upande huo wa kivuli akatundika shuka jeupe kwenye kiti ili lirudishe mwanga kidogo.

Bado uso ulikuwa mweusi. Akauangalia mtandio wangu. Kumbe simu inapima mwanga wa picha nzima, na ikikuta kitu cheupe kingi inapunguza mwanga wote, uso ukazama. Nikabadilisha, nikavaa mtandio wa kijani kilichoiva, na ule ukuta mweupe nyuma yangu tukaufunika kwa mkeka. Halafu akabonyeza kidole juu ya uso wangu kwenye kioo cha simu, akakishikilia mpaka maandishi AE/AF LOCK yakatokea. Usipofanya hivyo, kila ukisogeza mkono simu inapima upya, na uso unang'aa na kufifia katikati ya sentensi. Simu yenyewe ililazwa juu ya mabuku yaliyopangwa kwenye stuli, lenzi ikiwa sawasawa na macho yangu, umbali wa mkono mmoja na nusu. Alitumia kamera ya nyuma, iliyo nzuri zaidi. Nilifurahi pia kwamba sikujiona, maana nikijiona najitazama mwenyewe badala ya kumtazama mtu.

Mwanga ulikuwa tayari. Sauti ndiyo iliyotutoa jasho.

Dirisha lile lile lililotupa mwanga ndilo lililokuwa likipokea upepo wa kusi. Kwenye majaribio ya kwanza kusi ilikuwa inavuma ndani ya maiki kama mtu anayepuliza moto. Tukafunga vioo, mwanga ukapita, upepo ukabaki nje. Feni tukazima. Friji ikazimwa pia, na yeye akanichukua funguo za nyumba akaziweka ndani ya friji, ili nisitoke bila kuikumbuka kuiwasha. Kisha akasimama katikati ya chumba akapiga kofi moja. Ukuta wa zege na sakafu ya simenti vikalirudisha kofi mara mbili tatu, mlio mkali. Ule ndio mlio wa tangi la maji. Tukasimamisha magodoro mawili nyuma ya simu, pale sauti yangu inapoelekea, tukatandaza zulia na kutundika khanga kwenye kamba upande wa pili. Akapiga kofi tena. Likafa papo hapo.

Maiki alikuwa nayo, ile ndogo ya waya inayobanwa kwenye nguo. Kwanza tuliificha chini ya mtandio ili isionekane. Tukarekodi nusu dakika, tukasikiliza kwa earphone: kila nikigeuza shingo kitambaa kinakwaruza, na sauti imezibwa. Tukaitoa nje, ikaonekana kifuani kwangu, kiasi cha shibri moja na nusu kutoka mdomoni. Ikionekana haidhuru. Mtazamaji anavumilia picha yenye kasoro, ila sauti ikimsumbua anafunga.

Mara ya kwanza nilisema maneno yote 140 bila kukosea, nikafurahi. Yeye hakufurahi. "Umesoma, dada. Hujasema." Nilikuwa nimekariri kila neno, na uso ulikuwa unalitafuta neno linalofuata. Akaichukua karatasi, akaniandikia maneno manne tu: jina, embe, hodi, karibu. Nikayatazama, akayaficha. Mara ya pili nilipotea. Ya tatu pikipiki ilipita chini. Ya nne ilikuwa nzuri mpaka jirani yetu mzee akagonga kuuliza mbona tunapiga makofi, na ilibidi tumkaribishe, tumweleze, akae kidogo.

Kwenye ya sita aliniomba nisiiangalie lenzi, niwaze nyuma yake amekaa yule Mjerumani wangu wa mwisho pale barazani, msichana muuguzi ambaye alikuwa akicheka kila anapokosea. Nikamwona. Nilipofika kwenye hodi nikaita kama ninavyoita mlangoni kwa shangazi yangu, nikanyamaza, na ukimya ule haukunitisha.

Alikata sekunde za mwanzo ninapovuta pumzi na za mwisho mkono wake unaposogea kuzima. Muziki nilimwomba auweke. Akakataa, kwa sababu utagombana na sauti yangu katika simu ndogo, na katika ukimya wa hodi ungeharibu kila kitu. Nafikiri alikuwa sahihi. Ilibaki dakika moja na sekunde kumi na mbili. Kabla ya kuipeleka aliirudia kwenye simu yake ya zamani, spika yake mbovu, akiwa ukumbini ambapo watoto walikuwa wamesharudi kutoka shule, na kila neno likasikika.

Ombi la kwanza lilikuja baada ya siku nne, kutoka kwa mwanamume wa Uholanzi aliyekuwa amepata kazi ya maji Dodoma. Saa ilipofika nilifungua somo. Upande wake kamera ilikuwa bado haijawaka, kioo cheusi kitupu. Ndani ya weusi ule nikasikia sauti nzito, ya mtu aliyejizoeza peke yake:

"Hodi?"

"Karibu," nikasema. "Karibu ndani."